Mashine Moja, Filamu Tatu

Orodha za filamu zinazopendekezwa kwa wajasiriamali vijana ni nyingi, na nyingi zinafanana. Mtu maskini anapata wazo, anachekwa, anaishiwa, kisha anatajirika na muziki unapanda. Mimi sitatoa orodha. Nitapendekeza filamu tatu tu, na zote zinahusu mashine ileile ndogo ya kutengenezea taulo za kike, iliyobuniwa na fundi mmoja wa kusini mwa India aitwaye Arunachalam Muruganantham.

Ya kwanza ni hadithi ya kuigiza, Pad Man, iliyoongozwa na R. Balki na kuingia majumba ya sinema Februari 2018. Ya pili ni filamu ya hali halisi, Menstrual Man, ya Amit Virmani, iliyotoka mwaka 2013. Ya tatu, Period. End of Sentence. ya Rayka Zehtabchi, haifiki hata nusu saa, na mwaka 2019 ilipata Tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya hali halisi. Zitazame kwa mpangilio huo, ingawa si mpangilio wa miaka yake. Utaona biashara moja kwanza ikiwa ndoto ya mtu mmoja, halafu ikiwa mpango wa kueneza mashine, na mwisho ikiwa kazi ya kila siku ya wanawake wa kijijini ambao hawakuibuni mashine ile na wanatakiwa kuifanya iwalipe.

Nimezichagua kwa sababu filamu nyingi za biashara hukomea pale bidhaa inapofanikiwa kutengenezwa. Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo maswali magumu yanapoanza: nani atanunua pakiti ya pili, na baada ya kulipia malighafi, umeme na mikono ya watu, kinabaki nini?

Anza na Pad Man. Akshay Kumar anaigiza fundi wa karakana ya kuchomelea vyuma, Lakshmikant Chauhan, katika mji wa Maheshwar kando ya mto Narmada. Watengenezaji wa filamu wamebadilisha jina na mahali, maana Muruganantham mwenyewe ni mtu wa Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu, mamia ya kilomita kusini. Kiini cha kisa ni kilekile. Muruganantham aliacha shule akiwa na miaka 14 baada ya baba yake kufariki katika ajali ya barabarani, akaingia karakana. Mwaka 1998 alioa. Muda si mrefu akagundua kuwa mkewe, Shanthi, anatumia matambara machafu wakati wa hedhi na kuyaficha. Alipomuuliza kwa nini hanunui taulo za dukani, mke akamjibu kwamba wakinunua hizo, pesa ya maziwa ya nyumbani itakatika.

Jibu hilo lisikilize kama mfanyabiashara. Shanthi hakusema hazitaki. Alisema zinashindana na maziwa. Kijana anayetaka kuuza chochote kwa familia za kipato cha chini anapaswa kujua bidhaa yake inashindana na kitu gani ndani ya bajeti ya nyumba, na mara nyingi mshindani huyo si kampuni nyingine bali ni unga, nauli au ada. Muruganantham alikwenda dukani akanunua pakiti, akaipima mkononi, na kukadiria kwamba gramu 10 za pamba, zenye thamani ya paisa 10 wakati ule, zinauzwa kwa rupia 4. Rupia moja ni paisa 100, kwa hiyo bei ilikuwa mara 40 ya kile alichodhani ni malighafi. Akajiambia kuwa anaweza kutengeneza mwenyewe kwa bei nafuu.

Hesabu hiyo ilikuwa na kosa ndani yake, na lilimgharimu miaka. Ila kabla ya kulifikia, tazama kwa makini namna alivyojaribu bidhaa yake, kwa sababu hapa ndipo filamu ina utajiri mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Alikata pamba, akaifunga kwa kitambaa, akampa mkewe. Ikavuja. Akarekebisha, akataka kujaribu tena, kisha akatambua kwamba lazima asubiri mwezi mzima. Tatizo lake halikuwa ukosefu wa bidii. Kila jaribio lilichukua siku 30 na lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulifanya, na kwa mwendo huo angezeeka kabla ya kupata taulo linalofaa. Wauzaji wa vyakula wana bahati ambayo huwa hawaitambui: mteja akionja chapati, jibu linapatikana papo hapo. Mwenye kutengeneza mbegu, dawa ya mifugo au taulo za kike hana bahati hiyo. Akitaka kwenda haraka hana budi kuongeza wajaribu, au kutafuta njia ya kujaribu bila kusubiri kalenda.

Muruganantham alijaribu njia zote mbili. Dada zake walikataa. Akawaendea wanafunzi wa kike wa chuo cha udaktari, akawapa taulo pamoja na karatasi za kujaza maoni, kisha akakuta wasichana wachache wamekaa wakizijaza karatasi hizo kwa niaba ya wote. Data nzima ikawa haina maana. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo filamu inalionesha bila kulifanyia mzaha: alichukua mfuko wa ndani wa mpira wa miguu, akautoboa, akaujaza damu ya mbuzi kutoka kwa rafiki yake mchinjaji, akajifunga nao chini ya nguo akawa anatembea, anaendesha baiskeli na kukimbia, huku akiubinya mara kwa mara ili aone taulo linashika kiasi gani. Damu ilikuwa ikiganda, akatafuta dawa ya kuizuia isigande. Nguo zikachafuka, watu wakaanza kusema ana ugonjwa wa aibu, wengine wakasema ana mapepo.

Katika filamu sehemu hii ni ya machozi na fedheha. Lakshmikant anarukia mtoni mbele ya macho ya mji mzima, na ndoa inavunjika. Katika maisha halisi pia Shanthi aliondoka, na baadaye mama yake Muruganantham naye akafungasha baada ya kumkuta mwanawe amezungukwa na taulo zilizotumika, alizokuwa amezikusanya ili azichunguze. Sipendi vijana wanapotoka hapo na imani kwamba kupoteza familia ni ada ya lazima ya mafanikio. Laiti angepata mapema mwanamke mmoja wa kusimama kati yake na wateja, muuguzi au mkunga anayeaminika, sehemu kubwa ya mateso yale isingekuwepo. Filamu yenyewe inalithibitisha hilo baadaye, nami nitalirudia.

Sasa tuje kwenye kosa. Taulo za pamba ziliendelea kuvuja, za kampuni kubwa hazikuvuja. Ilimchukua miaka miwili na miezi mitatu kujua sababu. Kwa msaada wa mwalimu wa chuo aliyemwandikia barua, ambaye Muruganantham alimlipa kwa kumfanyia kazi za nyumbani, alipiga simu kwa watengenezaji wa ng'ambo akijitambulisha kama mwenye kiwanda cha nguo anayefikiria kuingia katika biashara hiyo. Aliomba sampuli ya malighafi. Baada ya siku chache zikafika bamba ngumu kama ubao. Haikuwa pamba hata kidogo. Ilikuwa selulosi, nyuzi za mti zilizochambuliwa na kugandamizwa, ambazo zikisagwa huwa laini mithili ya sufi. Nyuzi hizo hunywa maji na kuyashikilia hata zikikandamizwa, wakati pamba ya kawaida hulowa na kuachia.

Kwa hiyo ile tofauti ya mara 40 haikuwa faida tupu. Alikuwa amelinganisha bei ya taulo na bei ya kitu ambacho taulo halikutengenezwa nacho. Kosa hili linafanywa kila siku mitaani kwetu. Mtu anaona sabuni ya maji inauzwa, anakadiria gharama ya maji na rangi, anaona faida kubwa, anaingia. Hajui kwamba kinachoifanya sabuni ile itoe povu na isitengane ni kemikali ambayo bei yake hajaiuliza. Dalili ya kosa hili ni moja: bidhaa yako inafanana na ya dukani kwa macho lakini inashindwa kwa kazi. Ukiiona dalili hiyo, acha kubadilisha umbo na ukubwa, nenda kachunguze kimetengenezwa kwa nini.

Baada ya kuijua malighafi, kikwazo kilihamia kwenye mashine. Viwanda vikubwa vilitumia mitambo ambayo fundi wa karakana asingeweza hata kuiota bei yake. Muruganantham akaivunja kazi nzima katika hatua nne. Kwanza, kinu kinachofanana na mashine ya kusagia ya jikoni kinalisaga bamba la selulosi mpaka liwe sufi. Pili, sufi inapimwa na kushindiliwa katika umbo la taulo kwa kikandamizio. Tatu, inafungwa ndani ya kitambaa kisichofumwa na kingo zake kubanwa kwa joto. Nne, taulo zinawekwa katika sanduku lenye mwanga wa urujuanimno ili kuua vijidudu. Mtu hujifunza kazi yote ndani ya saa moja hivi. Pad Man inazionesha hatua hizi kwa uwazi wa kutosha kuzinakili daftarini, na naomba uzinakili, maana tutazihitaji katika hesabu.

Halafu filamu inafika pale nilipoahidi kurudi. Lakshmikant, au Lakshmi kama anavyoitwa, ana mashine na taulo zisizovuja, lakini hana mnunuzi, kwa sababu wanawake hawawezi kununua kitu hiki kutoka mikononi mwa mwanamume. Anaokolewa na Pari, mwanamke msomi anayeigizwa na Sonam Kapoor. Kwanza Pari ni mteja wa kwanza anayempa jibu la kweli. Kisha anakwenda yeye mwenyewe mlango kwa mlango, na taulo zinauzika. Bidhaa ni ileile, bei ni ileile, aliyebadilika ni mwenye kuibeba. Pari ni mhusika wa kubuniwa, na mapenzi yanayozunguka kati yake na Lakshmi ni mahitaji ya sinema ya Kihindi. Wanaoifahamu sinema hiyo tangu enzi za kumbi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam hawatashangaa. Hata hivyo tatizo analolitatua halikubuniwa. Njia ya kumfikia mteja ni sehemu ya bidhaa, nayo hugharimu pesa na muda kama zinavyogharimu nyuzi na kitambaa.

Filamu ya kuigiza inafunga na tuzo, hotuba jijini New York na mke kurudi. Katika maisha halisi mashine ilishinda shindano la kitaifa la ubunifu baada ya kupelekwa katika Taasisi ya Teknolojia ya India huko Madras mwaka 2006, na Shanthi alirudi kweli, baada ya miaka mitano na nusu ya kutengana. Mwaka 2016 serikali ya India ilimtunuku Muruganantham nishani ya Padma Shri. Muziki umepanda, taa zinawaka. Mjasiriamali asiinuke bado.

Menstrual Man inaanzia hapo. Humo hakuna mwigizaji. Muruganantham mwenyewe anaongea, kwa Kiingereza chake cha kujifunza ukubwani, anacheka, anaeleza alivyofikia uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha habari yote. Angeweza kuiuza haki ya ubunifu wake kwa kampuni kubwa. Angeweza kuwa mtengenezaji wa taulo mwenye nembo yake. Alichagua njia ya tatu: kuuza mashine, si taulo, na kuwauzia vikundi vya wanawake, shule na mashirika ya kijamii, kila kikundi kikijitengenezea, kikijiuzia na kujichagulia jina la bidhaa yake. Ilimchukua miezi 18 kuunda mashine 250, akazipeleka kwanza katika majimbo maskini ya kaskazini kama Bihar na Uttar Pradesh.

Kibiashara uamuzi huu una faida tatu zinazofungamana. Muuzaji ni mwanamke jirani, kwa hiyo lile tatizo la Pari linatatuliwa kijiji kwa kijiji. Gharama ya usafirishaji na matangazo inapungua, kwa sababu taulo halisafiri mbali. Na mteja asiye na pesa ya pakiti nzima anaweza kununua moja moja, au hata kubadilishana kwa vitunguu na viazi, jambo ambalo hakuna kampuni kubwa inayoweza kulipokea kaunta. Lakini uamuzi huohuo ulihamisha hatari. Muruganantham akishauza mashine, kipato chake kimeshaingia. Hatari ya kutouza taulo inabaki kwa kikundi. Simlaumu, na nia yake naiamini. Nasema tu kwamba kijana anayetazama filamu hii anapaswa kujiuliza yeye yuko upande upi wa biashara, upande wa mwenye kuunda mashine au wa mwenye kuinunua, kwa sababu hesabu zao ni tofauti kabisa.

Tuifanye hesabu ya mnunuzi. Karibu mwaka 2014 takwimu zilizotolewa kuhusu mashine ya mkono zilikuwa hizi: bei yake rupia 75,000 hivi, uwezo wake taulo 200 hadi 250 kwa siku, bei ya wastani rupia 2.5 kwa taulo, na ajira kwa wanawake 10.

Chukua siku nzuri, taulo 250. Mauzo ni rupia 625. Kwa siku 25 za kazi katika mwezi, rupia 15,625. Sasa weka dhana, nami naisema wazi kuwa ni dhana yangu ya mfano: nusu ya mauzo inakwenda kwenye selulosi, kitambaa, gundi, vifungashio na umeme. Zinabaki rupia 7,800 kwa mwezi. Zikigawanywa kwa wanawake 10, kila mmoja anapata rupia 780 kwa mwezi, na hapo hatujalipa hata senti ya deni la mashine. Zikiachwa zote zilipe mashine, itachukua karibu miezi kumi ambayo hakuna mtu anayechukua chochote nyumbani. Wakibaki wanawake wanne tu, kila mmoja anaweza kupata karibu rupia 1,950, bado bila deni.

Sasa geuza hesabu upande wa mteja. Taulo 250 kwa siku 25 ni taulo 6,250 kwa mwezi. Tukisema kila mwanamke anatumia 12 kwa mwezi, kikundi kinahitaji wateja wa kudumu zaidi ya 500, si wa kununua mara moja kwa kuunga mkono, bali wa kurudi kila mwezi. Kijiji kimoja ambacho wengi wa wanawake wake bado wanatumia vitambaa hakiwezi kuwatoa. Lazima vijiji vitano, sita, kumi, na kila kijiji kinahitaji mtu wa kutembea. Hapo ile idadi ya wanawake 10 inaanza kueleweka: mashine inahitaji watatu au wanne, waliobaki wanapaswa kuwa barabarani. Kikundi kinachoketi wote kumi kuizunguka mashine kitakuwa na stoo iliyojaa na kibubu kitupu. Ukitembelea mradi kama huu, usiulize wanatengeneza ngapi. Omba uoneshwe taulo zilizorundikana, uulize ni za mwezi gani.

Ndiyo maana filamu ya tatu, iliyo fupi kuliko zote, naiona kuwa na mafunzo ya kibiashara yaliyo wazi zaidi. Period. End of Sentence. inapigwa katika kijiji cha Kathikhera, wilaya ya Hapur, si mbali sana na Delhi. Mashine ya Muruganantham inawasili, wanawake wanajifunza kuitumia, wanaipa bidhaa yao jina la Fly. Mmoja wao, Sneha, ni msichana anayetaka kujiunga na polisi wa Delhi. Hataki kuwa tajiri wa taulo. Anataka pesa ya kumfikisha pale anapokwenda. Nampenda sana Sneha kwa sababu anafanana na vijana wengi ninaowafahamu, ambao biashara ndogo kwao ni daraja la kuvukia.

Tazama mambo mawili humo. Umeme unakatika, na kazi inasimama. Katika hesabu yetu, mwezi wenye siku nane za giza hubaki na siku 17 za kazi. Mauzo yanashuka kutoka rupia 15,625 hadi 10,625, wakati kodi ya chumba na tarehe ya marejesho hazipungui. Kwa hiyo kabla ya kununua mashine yoyote ya umeme, kaa mahali unapotarajia kuifunga, kwa mwezi mzima, ukiandika saa za kukatika. Halafu tazama wanavyouza. Wanazunguka nyumba kwa nyumba, wanafika madukani, wanamwaga maji juu ya taulo lao na la kampuni mbele ya macho ya mteja ili aone lipi linashika. Onesho hilo dogo linafanya kazi ambayo tangazo la redio haliwezi, kwa kuwa jambo ambalo watu wanaona aibu kulizungumza linageuka kuwa jambo la kuona kwa macho.

Jambo moja filamu hailitilii mkazo, na usipoliona utadanganyika: mashine ya Kathikhera haikununuliwa kwa mkopo. Fedha zilichangishwa na wanafunzi wa shule moja ya Los Angeles pamoja na mwalimu wao. Kikundi kilianza bila deni. Hakuna ubaya wowote kupokea msaada wa namna hiyo, na wanawake wale waliufanyia kazi kwa jasho lao. Lakini usichukue mfano wao ukauwekea mkopo wa riba bila kufanya hesabu upya. Biashara inayowapa watu wanne rupia 1,950 kila mmoja bila deni, ikiwekewa marejesho ya rupia 4,000 kwa mwezi inabaki na 3,800 za kugawana, yaani 950 kwa kila mmoja. Mwezi ambao umeme utakatika wiki moja, hata hizo zitapungua sana.

Kuna swali ambalo filamu zote tatu zinalipita haraka: selulosi inatoka wapi? Mashine ilikuwa ya nyumbani, malighafi ilibaki ya kuagizwa. Kikundi kidogo kinachonunua bamba chache kinalipa bei kubwa kuliko kiwanda kinachonunua makontena, na shehena ikichelewa kinu kinasimama hata umeme ukiwepo. Jibu moja zuri kwa swali hilo lilipatikana kwetu, Uganda. Dakta Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni taulo ziitwazo MakaPads, zinazotumia mafunjo yanayoota kwenye vinamasi pamoja na karatasi zilizokwishatumika. Malighafi inavunwa, inapondwa, inakaushwa juani. Na MakaPads zilipata kitu ambacho Lakshmi wa sinema hakuwa nacho: mnunuzi wa jumla. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilinunua taulo hizo kwa ajili ya wanawake wa kambini, na nyingine zikatengenezwa na wakimbizi wenyewe. Mnunuzi wa namna hiyo anakuondolea mzigo wa kutafuta wateja 500 mmoja mmoja. Anakuletea mzigo mwingine, kwamba siku bajeti yake ikikatwa, umepoteza soko lote asubuhi moja.

La mwisho ni kodi, ambayo haipendezi kwenye sinema na ndiyo huamua mambo. India ilipoanzisha kodi mpya ya bidhaa na huduma Julai 2017, taulo za kike ziliwekewa asilimia 12. Kelele zikawa kubwa, na Julai 2018 kodi hiyo ikaondolewa. Kenya ilikwishaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizi tangu 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019, serikali ikieleza kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka.

Kwa nini bei isishuke kodi ikiondolewa? Sehemu moja ya jibu ni wafanyabiashara wa kati kujiongezea faida. Sehemu nyingine imo katika utaratibu wa kodi wenyewe. Bidhaa ikisamehewa tu kodi, mtengenezaji hawezi kudai kurudishiwa kodi aliyolipa kwenye malighafi. Akinunua malighafi ya shilingi 100,000 na kulipa asilimia 18 juu yake, zile 18,000 zinageuka kuwa gharama yake. Anayeagiza taulo zilizokwisha kutengenezwa nje hana mzigo huo, zinaingia bila kodi hiyo. Bidhaa ikiwekwa katika kiwango cha sifuri, mtengenezaji aliyesajiliwa anarudishiwa. Kikundi kidogo ambacho hakijafikia kiwango cha kusajiliwa hakirudishiwi kwa namna yoyote. Msamaha unaotangazwa kwa shangwe kwa jina la mwanamke wa kijijini unaweza kumsaidia mwagizaji wa makontena kuliko wale wanaosaga selulosi kijijini. Kijana anayeingia katika bidhaa yoyote inayozungumzwa bungeni amuulize mhasibu swali hili moja: bidhaa yangu imesamehewa, au iko kiwango cha sifuri?

Kabla ya kuwasha Pad Man, nenda maduka matatu ya mtaani kwako na moja la jumla. Andika bei ya pakiti, idadi ya taulo ndani yake, na nchi iliyotengeneza. Muulize muuza duka, kwa adabu na pasipo wateja, ananunua pakiti hiyo kwa shilingi ngapi na inakaa siku ngapi kwenye rafu. Kama duka lina mama au dada anayeuza, muulize pia ni wanunuzi wangapi wanaomba wauziwe moja moja. Beba daftari hilo unapokaa kutazama, na Lakshmi atakapofika dukani kununua pakiti yake ya kwanza, simamisha filamu na uweke bei zako kando ya bei yake.